Miaka Miwili Tu: Usingoje Shirika la Ndege Likuonee Huruma

Kila wiki kuna mtu wetu anayekwama airpoti. Anaambiwa "subiri kidogo", anasubiri usiku mzima, na mwisho anapewa soda na sambusa. Akilalamika anaambiwa ajaze fomu. Fomu inajazwa, miezi inapita, jibu ni lile lile: "Bado tunachunguza." Leo tunataka kukueleza kwa nini hiyo "bado tunachunguza" inaweza kukumalizia haki yako yote.

Safari za ndege kutoka nchi moja hadi nyingine zina sheria yake. Inaitwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Kenya ni mwanachama. Mkataba huu unampa abiria nguvu ambayo wengi hawaijui. Lakini una mlango mmoja tu, na mlango huo unafungwa.

Tuanze na kisa cha kweli. Tarehe 2 Agosti 1990, ndege ya British Airways iliyokuwa ikitoka London kwenda Malaysia ilitua Kuwait ili kujaza mafuta. Saa chache kabla yake, jeshi la Iraq lilikuwa limeshaivamia nchi hiyo. Abiria walishikwa na baadaye wakapelekwa Baghdad. Waliporudi kwao, baadhi yao walishtaki. Waliofungua kesi Uingereza walikuwa wameshapitisha miaka miwili. Mwenzao mmoja alishtaki Uskochi, akidai fidia kwa mateso ya akili. Kesi zote mbili zilifika Baraza la Mabwana, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na Desemba 1996 wote wakashindwa.

Walishindwa kwa nini? Kwa sababu mahakama ilisema mkataba uliokuwepo, ule wa Warsaw wa mwaka 1929, ndio njia pekee. Kama mkataba haukupi fidia, huwezi kuzunguka nyuma ukashtaki kwa sheria ya kawaida ya uzembe. Hofu na msongo wa mawazo peke yake haukuwa jeraha la mwili. Na muda wa miaka miwili ukipita, umepita. Mkataba wa Montreal ulipochukua nafasi ya ule wa Warsaw, ulibakisha mambo haya: neno "jeraha la mwili", njia moja ya kudai, na ile miaka miwili.

Sasa tulete nyumbani. Tuseme mama mfanyabiashara wa nguo, mwenyeji wa Mombasa, amekata tiketi moja ya kwenda na kurudi: Mombasa hadi Nairobi, kisha Dubai. Ndege ya Mombasa inachelewa saa sita kwa sababu ya hitilafu ya mitambo. Akifika Nairobi, ya Dubai imeshaondoka. Analala airpoti siku mbili. Hoteli aliyolipia Dubai imeliwa, chakula na teksi amelipa mwenyewe.

Swali la kwanza: je, kipande cha Mombasa hadi Nairobi si safari ya ndani? Kwa kuwa kimo ndani ya safari moja ya kwenda nje iliyokubaliwa tangu mwanzo, kinahesabiwa kuwa sehemu ya safari ya kimataifa. Angekuwa amenunua tiketi mbili mbalimbali, kila moja kivyake, shirika lingekuwa na mwanya wa kusema, "Sisi tulikuleta Nairobi tu, mambo ya Dubai hayatuhusu." Kwa hiyo, ukiweza, nunua safari nzima kwa pamoja.

Swali la pili: shirika likisema "ilikuwa hitilafu ya mitambo", yameisha? La. Kifungu cha 19 kinasema shirika linawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote zilizofaa kuizuia, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Mzigo wa kuthibitisha ni wao. Kutaja sababu si kuthibitisha. Wao ndio waonyeshe ndege ilikaguliwa vipi, na kwa nini abiria hakuhamishiwa ndege nyingine mapema.

Swali la tatu: atapata ngapi? Hapa watu hudanganyana. Kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha fidia ya kuchelewa ni SDR 6,303 kwa abiria mmoja. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani, na moja ina thamani kubwa kuliko dola moja ya Marekani. Lakini hicho ni kikomo, si zawadi. Mama yetu atalipwa hasara anayoweza kuionyesha: risiti ya hoteli, ya chakula, ya teksi. Asipokuwa na risiti, atabaki na hadithi tu. Na uchungu wa moyo wa kulala sakafuni, peke yake, ni vigumu sana kulipwa chini ya mkataba huu.

Swali la nne: amshtaki nani? Kama ndege mbili ni za mashirika mawili tofauti, kwa kawaida anashtakiwa yule aliyerusha kipande kilichochelewa, hapa wa Mombasa hadi Nairobi. Ukimshtaki wa Dubai, atasema ndege yake iliondoka kwa wakati, na kweli iliondoka. Na kwa kuwa tiketi ni ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari kisheria ni Mombasa. Hivyo anaweza kushtaki hapa hapa Kenya hata kama makao ya shirika yako nchi nyingine. Madai yakiwa hayazidi shilingi milioni 1, tunayo Mahakama ya Madai Madogo.

Sasa saa ya ukutani. Begi likiharibika, andika malalamiko ndani ya siku 7 baada ya kulipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kwa abiria mwenyewe kuchelewa au kuumia, mkataba hauweki siku za kulalamika, na hapo ndipo watu wanapolala. Kama mama yetu alikuwa afike Dubai tarehe 10 Machi 2025, halafu akafika tarehe 12, asibishane ni siku gani inahesabiwa. Kesi iwe mahakamani kabla ya tarehe 10 Machi 2027. Barua, simu na ujumbe wa "tunachunguza" havisimamishi saa. Kinachohesabika ni kesi iliyofunguliwa.

Ndiyo maana tunasema ukimya wa mashirika si uzembe wa kawaida. Kila mwezi wa "subiri" ni faida kwao. Mkataba wenyewe unawataka wampe abiria taarifa ya maandishi kwamba sheria hii ipo na kwamba inaweza kuwekea fidia mipaka. Wanaitoa, ndiyo, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza. Tunataka Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwalazimishe kuibandika kwa Kiswahili pale pale kaunta ya kukaguliwa tiketi, pamoja na hizo siku 7, siku 21 na miaka miwili.

Mpaka hapo, wewe weka tiketi, weka kadi ya kupandia ndege, weka risiti zote. Wakikupa karatasi ya kutia saini ili upate vocha, isome kwanza. Ukiona imeandikwa kwamba hutadai tena, usitie. Na leo hii, kama kuna safari iliyokuumiza mwaka jana, fungua kalenda uhesabu umebakiwa na miezi mingapi.