Kujitengenezea ao kununua? Tuangalie kwanza tarehe ya kulipa

Mu atelye zetu za Lubumbashi na Likasi, wenye mashini wanapenda kusema: «Kitu naweza kutengeneza mwenyewe, sababu gani ninunue?» Ni neno la ujasiri, lakini mara ingine hesabu inalikataa.

Tuseme atelye moja inaunda mulini za kusaga mahindi. Kila mwaka inahitaji nyundo za ndani, vile vyuma vinavyopiga mbegu. Muuzaji analeta kontra ya miaka 4: dolari 10.000 kwa mwaka, kulipwa mwisho wa mwaka. Kujitengenezea kunaomba mashini ya dolari 14.000 leo, tena dolari 6.000 kila mwisho wa mwaka kwa chuma, umeme na mikono ya kazi. Kisha miaka 4, mashini itauzwa dolari 2.000.

Wengi wanajumlisha tu: kununua ni 40.000, kujitengenezea ni 36.000. Basi, tutengeneze! Hapo njo kosa linaanzia, kwani wamechanganya feza ya leo na feza ya kisha miaka 4.

Kama atelye inakopa ku banki kwa riba ya 18 kwa mia, kila malipo tuyagawanye na 1,18 kwa kila mwaka wa kungojea. Dolari 10.000 za mwisho wa mwaka wa kwanza zinakuwa 8.475 za leo. Za mwaka wa nne zinakuwa 5.158 tu. Kontra yote inafika karibu 26.900. Kujitengenezea, zile 14.000 hazipungui hata kidogo, kwani zinatoka leo. Tukiongeza matumizi ya miaka 4 na kutosha bei ya kuuzisha mashini, tunapata karibu 29.100. Kununua kumeshinda kwa dolari 2.200.

Lakini tusikimbilie kutia sahihi. Muuzaji akidai alipwe mwanzo wa kila mwaka, bei ikiwa ile ile, kontra inapanda mpaka karibu 31.700. Sasa kujitengenezea njo kunashinda! Vilevile, mwenye kupata mkopo wa chini ya 10 kwa mia atengeneze mwenyewe.

Mambo mawili yanaharibu hesabu hii. La kwanza, kuandika ku upande wa kujitengenezea mshahara wa kapita ao kodi ya nyumba, vitu ambavyo utalipa hata ukinunua. Hesabu tu feza inayobadilika. La pili, kontra yenye kuruhusu bei kupanda pamoja na bei ya chuma: hiyo 10.000 si ya kweli tena, na inafaa kurudilia hesabu na bei ya juu.

Kwa mawazo yangu, tunabishana sana na wauzaji juu ya bei, na tarehe tunawaachia. Tuwaulize kwanza: «Tutalipa siku gani?»