Jawabu litangulie sababu
Ndugu mwandishi, naafikiana nawe kwamba maswali yanayoulizwa mara kwa mara yaandikwe kwa kauli ya mteja wala si kwa majina ya idara, lakini sharti mpangilio wa jawabu lenyewe nao utazamwe. Mwaka 2024, mita za LUKU zilipohitaji kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, mnunuzi alipata mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, na hapa Kilwa Kivinje, dukani pangu niuzapo umeme, simu hazikukoma, kila mpigaji akiuliza, "Mbona namba zimekuwa nyingi?" Niliwatumia wateja maelezo yaliyoanza na sababu, nao wakaendelea kupiga, kwa kuwa aliye gizani hana haja ya tarihi ya mita. Ndipo nikaandika swali lao lile lile, na chini yake: ingiza fungu la kwanza, ngoja mita ikubali, kisha la pili, kisha la tatu, ambalo ndilo lenye uniti, sababu nikaiweka mwisho. Waliosalia kupiga aghalabu walikuwa wameanza na fungu la tatu, mita ikalikataa, nami nikawaongezea swali lao peke yake, na ishara ya kulitambua kosa hilo.