Mwenye Nyumba Amefariki: Usimpe Kodi Anayewahi Kubisha Hodi

Mwenye nyumba amefariki. Tanga halijaanuliwa, na tayari mtu anagonga mlango wako. Anataka kodi.

Usimpe bado.

Huenda ni mwanawe wa kwanza, mtu mwema, na anakupa namba ya simu ya kumtumia pesa. Lakini kuwa mtoto wa marehemu si kuwa msimamizi wa mirathi. Hata kikao cha ukoo hakimfanyi msimamizi. Kikao kinapendekeza jina. Mahakama ndiyo inayoteua.

Chukua vyumba viwili vya Dar es Salaam, kodi shilingi 150,000 kwa mwezi, inalipwa kwa miezi sita. Mpangaji anamtumia kijana wa marehemu 900,000. Mwezi wa tatu anafika dada wa marehemu na barua ya mahakama. Msimamizi ni yeye. Fedha ile haimo kwenye hesabu za mirathi, na kijana ameshaitumia. Mpangaji anadaiwa 900,000 nyingine.

Analipa mara mbili, au anatolewa vyombo nje.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili: wanakaa kimya na kula kodi. Hilo nalo ni hatari. Mkataba haukuzikwa na marehemu. Deni linahesabika kila mwezi, na siku msimamizi akija atalidai lote.

Andika barua. Andika wiki hii.

Usimwandikie mtu mmoja. Iandike kwa familia yote ya marehemu. Anza na pole, kwa sababu hao ni wafiwa. Kisha sema wazi: “Nimelipa hadi tarehe 30 Juni, na risiti ninazo. Kodi inayofuata ipo tayari. Naomba kujulishwa nani aliyeteuliwa kusimamia mirathi, na nipatiwe nakala ya barua ya uteuzi ili nijue nimlipe nani na kwa akaunti ipi.” Toa nakala mbili. Moja wapokee kwa saini na tarehe, nyingine ibaki kwako. Mjulishe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Uliza pia nyumba ni ya nani kwa hati. Mara nyingine jina la mjane limo, na hilo watu hulisahau kwa makusudi.

Wakileta barua ya uteuzi, isome. Katika Mahakama ya Mwanzo huitwa Fomu Namba 4. Tazama jina la marehemu, jina la msimamizi, namba ya shauri na muhuri. Una shaka? Nenda na ile namba masjala ya mahakama iliyoitoa, uulize.

Mpaka hapo, kodi iweke kando kila mwezi, isiguswe. Ukishaonyeshwa barua, mlipe msimamizi na udai risiti yenye jina lake.

Na ninyi wafiwa, mpangaji akiwaletea barua ya namna hii, msimwone mkorofi. Mjibuni kwa maandishi.