Noti ya servisi haiwezi kubadilisha kontra peke yake

Barua nyingi zenye wafanyakazi wanatuletea kwa sindika zinaongea vumbi, masaa ya usiku, ao gari yenye ilikawia kupeleka ekipe ku mugodi. Hii mwezi tulipokea nakala ya barua ya namna ingine. Imeandikwa na mama mumoja wa kontabilite, mufanyakazi wa kampuni moja ya shaba hapa Kolwezi. Hatutataja jina lake wala la kampuni, juu bado anangojea jibu.

Noti ya servisi ilitoka siku ya tano jioni. Ilisema hivi: kuanzia tarehe 1 ya mwezi unaofuata, wafanyakazi wa administrasyo watatumika siku mbili ku biro na siku tatu ku nyumba. Chini kabisa kulikuwa na mustari mumoja mudogo: mafao yanayohusu kufika ku biro yatalipwa kufuatana na siku za kufika. Hakuna mutu aliitwa kusaini kitu. Wenzake walifurahi. Mumoja alimuambia: «Mama, banakupatia kulala ku nyumba siku tatu, na weye unaandika barua?»

Aliandika. Barua yenyewe ni fupi, na tunaitoa hapa kwa ruhusa yake:

«Bwana Mukubwa wa Personeli, nimesoma noti juu ya kazi ya ku nyumba. Siikatae. Lakini kontra yangu inasema mahali pa kazi ni biro ya kampuni Kolwezi, na inataja transporti ya kila mwezi. Kwa heshima naomba munieleze kwa maandishi: Je, mahali pa kazi pangu pamebadilika, na kama ndiyo, kwa karatasi gani? Transporti na chakula cha saa sita vitahesabiwa namna gani? Masaa yangu ya ku nyumba ni gani, na siku yenye kuran inakosa itaandikwa namna gani? Nikiumia ku nyumba saa ya kazi, kampuni itaitangaza kama aksida ya kazi? Nangojea jibu lenu mbele ya tarehe 1.»

Sisi tunasema huyu mama ana haki, na kila moja ya maulizo yake ina sababu ndani ya sheria.

Tuanze na mahali pa kazi. Kodi ya Kazi yetu, ni kusema sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliandikwa wakati wenye hakuna mutu Kolwezi aliwaza kutumika na ordinatere katika salo yake. Ilirekebishwa mwaka 2016, lakini haina sura ya teletravay. Wakubwa wengine wanachukua ile kimya kama ruhusa. Si hivyo. Artikle 212 inaorodhesha mambo yenye kontra inapashwa kutaja, na mahali pa kufanyia kazi pako ndani, pamoja na mushahara na mafao mengine yenye mulipatana. Artikle 50 inasema mufanyakazi atumike kwa wakati na mahali mulipopatana. Artikle 55 inarudisha neno lile lile upande wa patron: naye anapashwa kutoa kazi kwa wakati na mahali mulipopatana. Neno ni «mulipopatana». Watu wawili njo wanapatana, na noti ya servisi inasainiwa na mutu mumoja.

Patron ana haki ya kupanga kazi, hiyo hatuipinge. Anaweza kukutoa biro ya chini akupeleke ya juu, na noti inatosha. Lakini nyumba yako si chumba cha kampuni. Hawawezi kuifanya mahali pa kazi bila saini yako. Karatasi yenye inafaa inaitwa avena: ukurasa ao kurasa mbili zenye kusema kontra ya tarehe fulani inabadilika kwa jambo hili na hili, na mambo mengine yote yanabaki vile yalikuwa. Pande zote mbili zinasaini. Bila avena, siku mambo yakiharibika, patron atasema ulikubali juu ulitumika miezi sita bila kusema neno. Ile barua ya mama inavunja hiyo kimya.

Sasa tuongee feza, maana ile mustari mudogo wa chini njo ulikuwa na uzito. Tufanye hesabu ya mufano. Mutu anaishi Manika, anachukua taksi mbili kwenda na mbili kurudi. Tuweke 1.500 FC kila moja: ni 6.000 FC kwa siku. Mwezi wa siku 22 za kazi unamupatia 132.000 FC ya transporti. Akifika ku biro siku 9 tu, atapokea 54.000. Tofauti ni 78.000 FC kila mwezi, na haitaonekana kama kupunguza mushahara, juu mustari wa mushahara ku fishi ya malipo utabaki vile vile.

Hapa tuseme ukweli hata kama hautupendeze. Artikle 7 ya Kodi, mahali inaeleza mushahara ni nini, inatosha transporti inje ya mushahara. Pia inatosha inje mafao yenye yanapewa tu kwa kusaidia mutu afanye kazi yake. Basi kama kontra inasema kampuni inarudisha bei ya safari zenye umefanya, siku yenye hukusafiri hakuna kitu cha kurudisha. Sindika yenye itapigania hiyo itashindwa. Lakini kama kontra ao konvasyo kolektive inaandika kiasi kimoja cha kila mwezi, bila kuhesabu siku, hiyo ni ahadi. Haiondoke kwa noti. Kwa hiyo mbele ya kupiga kelele, fungua kontra yako usome neno lenyewe: ni «kwa kila siku ya kufika», ao ni «kwa mwezi»? Mama wa kontabilite alisoma. Yake inasema kwa mwezi.

Kisha geuza hesabu. Kampuni ikipunguza 78.000 juu haukusafiri, nani analipa mega za internete siku 13? Nani analipa esansi ya grupe wakati wa delestaje? Ku biro, hivyo vyote vilikuwa mizigo ya patron. Noti iliongea chenye kinapunguka, na haikuongea chenye kinaongezeka. Jibu la haki liandike vyote viwili.

Ulizo la masaa linaonekana dogo, lakini njo lenye kuchosha watu. Sheria inaweka masaa 45 kwa juma na 9 kwa siku. Inasema saa ya kazi inaanza wakati mufanyakazi yuko mahali pa kazi, tayari, mikononi mwa patron. Ku biro, mulango unaonyesha ulifika saa ngapi na ulitoka saa ngapi. Ku nyumba hakuna mulango. Shefu anatuma ujumbe saa tatu ya usiku, unajibu, na kesho yake anauliza kwa nini saa nne ya asubuhi haukuwa ku ekra. Kuran ilikosa tangu saa nne mupaka saa tisa: je, ile masaa matano ni ya kazi, ao utayalipa usiku? Kama ku biro kuran ikikosa, hakuna mutu anakukata masaa. Avena iseme saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nini kinafanyika kuran ikikosa.

Tena aksida. Sheria ya CNSS inakubali aksida yenye imetokea kwa sababu ya kazi ao wakati wa kazi, na hata ile ya ku njia kati ya nyumba na kazi. Mutu akigongwa na moto akienda ku biro, tunajua namna ya kuitangaza. Lakini mama akianguka ku ngazi yake saa tano akibeba ordinatere ya kampuni, nani atashuhudia kama alikuwa ku kazi? Adresi ya nyumba na masaa yakiandikwa katika avena, dosie yake itakuwa na musingi. Yasipoandikwa, itakuwa neno lake na neno la kampuni.

Wandugu wa karieri watatuuliza: hii inatuhusu nini? Hakuna mutu atapeleka kamio ya tani mia ku nyumba. Tuwakumbushe mwaka 2020. Serikali ilitangaza hali ya dharura mwezi wa tatu juu ya Covid-19, na kampuni kazaa za migodi za Lualaba na Haut-Katanga zilibakiza wafanyakazi ndani ya sites. Watu walilala pale majuma kwa majuma, mbali na bibi na watoto, kwa kuogopa kupoteza kazi. Wengi walisikia habari kwa noti ao kwa mudomo wa shefu. Mahali pa kazi paligeuka mahali pa kulala, bila avena. Leo mambo yamegeuzwa: mahali pa kulala panageuka mahali pa kazi. Njia ni ile ile, karatasi ya saini moja. Tukiiacha ipite ku biro juu inaonekana tamu, tutaikuta tena ku karieri siku yenye itakuwa chungu.

Mwenye kutaka kuandika kama huyu mama, afanye hivi. Barua iwe nakala mbili. Moja unaacha ku sekretaria, ingine unarudi nayo ikiwa na kashe, tarehe na saini ya mwenye kupokea. Wakikuomba usaini noti, andika kwa mukono «nimepokea», usiandike «nimekubali». Peleka nakala kwa delege wa sindika, juu Kodi inamulazimisha patron kuuliza mawazo ya delegasyo kwa mambo ya masaa ya kazi, na delege akijua mapema anaweza kuuliza kwa niaba ya wote. Jibu lisipokuja, ao likija la kukata bila kueleza, nenda kwa inspektere wa kazi. Usikimbilie tribinali: ugomvi wa mutu mumoja na patron haupokelewe pale kama haujapita kwanza kwa upatanisho mbele ya inspektere. Na pale, ile nakala yenye kashe njo itaongea.

Kwa wakubwa wa personeli tunaomba jambo moja. Musimujibu huyu mama kwa simu wala ku koridoo. Aliuliza maulizo mane kwa maandishi. Mumujibu mane kwa maandishi, halafu mulete avena mezani, na delege akae hapo. Siku tatu za ku nyumba zinaweza kuwa nzuri kwa kampuni na kwa mufanyakazi. Lakini nyumba ni yake, na mwenye nyumba anapigiwa hodi.