Tarehe 30 Juni Ilipotea na Kompyuta Ikasema Kila Kitu Kiko Sawa

Wasee, Julai ikianza halafu uambiwe "sistimu haikuoni", usikubali haraka. Mimi niliona hiyo sistimu kutoka ndani.

Mwaka wa fedha wa serikali hapa Kenya unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Julai 2025 nilikuwa atachimenti kwa ofisi inayokusanya ada za vibanda sokoni. Kila usiku saa sita na nusu kuna programu inaamka yenyewe, inachukua malipo ya jana na kuyaingiza kwa rekodi ya kila mfanyabiashara. Kila malipo yako na alama ya mwaka wake wa fedha, na programu ilikuwa inayatafuta hivi:

```python
leo = date.today()
jana = leo - timedelta(days=1)
mwaka = leo.year if leo.month >= 7 else leo.year - 1
```

Soma polepole. Karibu mwaka mzima, leo na jana ziko ndani ya mwaka mmoja wa fedha, kwa hivyo hakuna mtu anashtuka. Lakini usiku wa 1 Julai, jana ni 30 Juni, mwaka wa 2024/25, na programu inahesabu mwaka kwa kutumia leo: 2025/26. Ikatafuta malipo ya 30 Juni ndani ya mwaka ambao ulikuwa haujaanza. Ikapata sifuri, ikaandika "imekamilika", ikalala.

Usiku uliofuata ikafanya kazi poa kabisa. Hapo ndipo ubaya uko: kosa lilijiponya, lakini ile siku moja haikurudiwa. Na ni siku ambayo watu wengi hukimbia kulipa.

Mama mmoja wa mboga akaja na simu mkononi.

"Kijana wangu, nililipa tarehe thelathini. Mesej ndio hii."

"Mama, kwa sistimu uko na deni. Na faini."

Aliyemjibu hivyo ni mimi. Bado inaniuma.

Dawa ya kwanza ni ndogo, mwaka uhesabiwe kwa tarehe ya malipo:

```python
mwaka = jana.year if jana.month >= 7 else jana.year - 1
```

Lakini haitoshi. Ukiiendesha 4 Julai, itachukua malipo ya 3 Julai tu. Programu inafaa ikubali kupewa tarehe, ndio uweze kuiambia irudie 30 Juni. Hapo pia unaweza kuijaribu mapema kwa 30 Juni, 1 Julai na 2 Julai.

Na sifuri isiitwe mafanikio hivi hivi. Kuna siku sifuri ni ya kweli, kwa hivyo ilinganishwe na jumla ya pesa zilizoingia benki siku hiyo. Zikitofautiana, programu ipige kelele.

Mpaka hapo, msimamo wangu ni huu: mtu akiwa na risiti ya 30 Juni na skrini inakataa, skrini ndiyo ichunguzwe kwanza. Faini ingoje.