Orodha ya Programu Kabla ya Linux
Duka dogo linalokusudia kuhamia Linux kutoka Windows 10, ambayo usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, linapaswa kwanza kuorodhesha kila programu linayoitegemea, kwa kuwa programu iliyoundwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida haifanyi kazi moja kwa moja katika Linux. Jedwali la Excel lenye makro, yaani mfululizo wa amri zinazojiendesha, lifunguliwe katika LibreOffice kompyuta ikiwa bado na Windows, na jumla za mwezi mmoja zilinganishwe na zile za Excel. Zikitofautiana, au makro ikigoma, ama iandikwe upya au kompyuta moja ibaki na Windows. Printa ya risiti nayo ijaribiwe kwa Linux iliyowashwa kutoka kwenye flashi, kabla diski haijaguswa.