Karata Ziko Nairobi, Hatari Iko Riyadh

Wenzangu wa hosteli wanajua kwamba mimi husoma karata za taroti kwa pesa kidogo. Wengine hucheka, wengine huuita ushirikina. Leo sitaki tubishane kama karata zinaona kesho. Mimi mwenyewe siamini kwamba zinaona. Naamini tu kwamba picha humsaidia mtu kulisema lililomkaa moyoni. Ninalotaka kusema linatuhusu sisi tunaosoma kwa simu ya video: sheria ya kuangalia kwanza ni ya pale alipo mteja.

Muhula uliopita nilipigiwa na dada mmoja wa Pwani anayefanya kazi za nyumbani Riyadh. (Nimebadilisha mambo machache asitambulike.) Saa za Riyadh na za Nairobi ni sawa, kwa hiyo ilikuwa saa tano usiku kwake na kwangu. Alikuwa jikoni, anaongea kwa kunong'ona. Swali lake lilikuwa moja: "Mdogo wangu, nitoke hii nyumba ama nivumilie?"

Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye vitabu, upande wa pili wa meza, ikinitazama. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Karata niliyoiona mimi imesimama wima, yeye aliiona kichwa chini, na kwenye taroti karata iliyopinduka huweza kusomwa kwa maana nyingine. Akaanza kulia kabla sijasema neno. Siku hizi naweka simu upande wangu, kamera ya nyuma ikiangalia chini, halafu nauliza, "Kichwa cha huyu mtu kiko juu au chini kwako?" Tukikubaliana ndipo naendelea.

Karata yenyewe ilikuwa Nane ya Panga. Katika seti inayotumiwa zaidi, iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutoka mwaka 1909, karata hiyo ina mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, akizungukwa na panga nane zilizochomekwa ardhini. Miguu yake haijafungwa. Kwa hiyo wasomaji wengi hukwambia: kifungo kiko akilini mwako, toka tu.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema hilo. Kisha nikamuuliza pasipoti yake iko wapi. Akasema iko kwa mwajiri. Hapo nikanyamaza.

Saudia, mfanyakazi akiondoka bila utaratibu, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ametoroka. Wao huita *hurub*. Akisharipotiwa hivyo, kukaa kwake nchini kunaweza kuwa kinyume cha sheria, na anaweza kukamatwa, kuzuiliwa na kurudishwa kwao. Kwa hiyo "toka tu" yangu, iliyosemwa nikiwa nimekalia kitanda Nairobi, ingemfikisha kwenye seli. Panga za yule dada hazikuwa akilini mwake. Zilikuwa mlangoni.

Halafu kuna karata zenyewe. Huko sihri ni kosa kubwa kabisa. Mwaka 2011 mwanamke mmoja aliuawa kwa hukumu ya kosa hilo. Wafanyakazi wa nyumbani kutoka nje nao wamewahi kushtakiwa. Mimi nilikuwa nimemtumia picha ya karata "aiangalie vizuri". Simu yake ingeshikwa usiku ule, ningemweleza nani kwamba huo ni mchezo tu wa picha?

Nilimwomba aifute palepale. Nikakusanya karata, na hatukuzirudia tena. Tukaongea kama dada na mdogo wake: nani nyumbani kwao anajua jina la mwajiri na mtaa anaoishi, nakala ya mkataba iko wapi, na namba ya Ubalozi wa Kenya Riyadh aiandike pahali ambapo si kwenye simu peke yake. Tukakubaliana pia neno: akisema "wali umeiva", najua kuna mtu ameingia, nami naanza kuongea habari za mama. Pesa nilimrudishia, kwa sababu sikumfanyia kazi aliyoilipia.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchanganya karata nauliza mambo matatu: uko nchi gani, uko na nani chumbani, na simu yako hushikwa na nani? Mteja akiwa nchi ambako karata zinaweza kumfunga, sizifungui, hata akinibembeleza na kuongeza malipo. Sirekodi, na situmi picha kwa mtu yeyote.

Rafiki yangu mmoja anayesoma pia aliniambia, "Si yeye ni mtu mzima? Anajua hatari yake." Sawa, anaijua. Lakini saa tano za usiku, akiwa amechoka na anaogopa, amekupigia wewe ili mtu mwingine amwamulie. Mambo yakiharibika, wewe utazima simu ulale. Yeye atabaki jikoni pale.